Kori Moja Yenye Mbio

Kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kuna aina ya mashine ambayo muuzaji huikimbilia mara tu mteja anapotamka kwamba kazi yake ni kuchora majengo. Ni kasha jeusi, zito, la HP Z640 au Dell Precision T7810, lililostaafishwa kwenye ofisi fulani huko Ulaya. Ndani yake zimo prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4, kila moja na kori 14, jumla 28. RAM ni GB 64. Kadi ya grafiki ni Quadro K4200, na muuzaji hatasahau kukwambia kwamba Quadro ni kadi ya wasanifu. Bei yake huwa chini ya kompyuta mpya ya kawaida. Ukiisoma karatasi yake tu, utaona hakuna la kujadili.

Mteja anaifikisha ofisini, anafungua Revit, anasogeza ukuta mmoja kwenye jengo la ghorofa nne, na mshale wa mausi unageuka kiduara kinachozunguka. Anasubiri. Anafungua Task Manager ajue kulikoni, anakuta prosesa inatumika asilimia 2. Kwa hesabu hiyo kompyuta imekaa bure, lakini kazi haiendi.

Asilimia 2 hiyo ndiyo inayoeleza kila kitu. Windows huihesabu kila kori ya Xeon hii kama mbili, kwa hiyo kori 28 zinaonekana 56. Revit imeshika moja tu kati ya hizo, na moja ukiigawa kwa 56 unapata asilimia 1.8. Hiyo moja inafanya kazi hadi mwisho wa uwezo wake. Nyingine 55 hazina la kufanya. Mteja amelipia kori 28 na anatumia moja, tena moja ya polepole.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini waandishi wa programu hizi wasiigawe kazi ili kori zote zishiriki. Wamejaribu, na pale inapowezekana wamefanya. Revit hutumia kori nyingi inapotengeneza picha za jengo, na katika shughuli nyingine chache. SolidWorks hufanya hivyo kwenye hesabu za kupima uimara wa chuma. Tatizo liko kwenye kazi yenyewe ya kuchora, kwa sababu vitu vya kwenye modeli vinategemeana. Dirisha limekaa ndani ya ukuta, ukuta umefungwa kwenye sakafu, na sakafu imefungwa kwenye kimo cha ghorofa. Ukibadilisha kimo cha ghorofa kutoka meta 3 hadi 3.2, programu haiwezi kujua dirisha litakaa wapi kabla haijamaliza hesabu ya sakafu na ukuta. Ni kama jengo lenyewe: hata ukileta mafundi hamsini, hawawezi kumwaga zege la ghorofa ya pili wakati nguzo za chini hazijasimama. Hesabu hizo zinapita kwenye kori moja, moja baada ya nyingine, na muda utakaosubiri unaamuliwa na mbio za kori hiyo.

AutoCAD ni hivyo hivyo. Kwenye mchoro mkubwa wa mpango wa mji, kwa sehemu kubwa ya kazi unachokisubiri ni kori moja. Kwenye SolidWorks ndiyo wazi zaidi, maana orodha ya hatua za kutengeneza kipande inaonekana kushoto mwa skrini, na ukibadilisha hatua ya tatu, programu inashuka nayo hatua kwa hatua hadi chini.

Basi mbio za kori zinapimwaje? Wengi huangalia GHz, na ni mwanzo mzuri, kwa sharti kwamba wanajua GHz ipi. Kila prosesa hutajwa kwa namba mbili, ya mwendo wa kawaida na ya juu kabisa ambayo kori inaweza kufika inapofanya kazi peke yake. Kwa mchoraji, namba yenye maana ni hii ya pili. Autodesk, wenye AutoCAD, katika maelekezo yao ya vifaa hupendekeza mwendo wa kawaida wa GHz 3 kwenda juu, na wa juu kabisa usiopungua GHz 4. Xeon yetu ya mwaka 2016 inaanzia 2.4 na inaishia 3.3. Haifikii pendekezo hilo hata ikijitahidi vipi.

Lakini GHz haisemi yote, kwa sababu prosesa za vizazi tofauti hazifanyi kazi sawa katika kila pigo la saa. Kori ya leo hukamilisha mengi zaidi kwa pigo moja kuliko ya mwaka 2016. Ndiyo maana ni afadhali kuangalia kipimo cha kori moja kilichofanywa kwa programu ya majaribio. Kwenye orodha ya PassMark, ambayo ni ya bure na yeyote anaweza kuisoma, Xeon E5-2680 v4 hupata karibu 2,000 kwa kori moja. Core i5-14600K ya mwaka 2023, prosesa ya daraja la kati isiyo na fahari yoyote, hupita 4,000. Maana yake, ule ukuta uliokuweka sekunde 20 kwenye Xeon utakuweka kama 10 kwenye Core i5. Sekunde 10 zikirudiwa kila unapogusa modeli, kutwa nzima, ndiyo tofauti kati ya mchoraji anayefikiri jengo na mchoraji anayetazama kiduara.

Hapa watu huingia mtego wa upande wa pili. Wakishaelewa habari ya mbio, wanataka prosesa ghali kuliko zote. Angalia familia moja ya AMD iliyotoka mwaka 2024. Ryzen 5 9600X ina kori 6 na kori yake moja hufika GHz 5.4. Kaka yake mkubwa, Ryzen 9 9950X, ana kori 16 na hufika 5.7. Zilipotoka, ya kwanza ilitangazwa kwa dola 279 na ya pili kwa dola 649. Kwa kazi ya kuchora, dola 370 za nyongeza zinakununulia kasi isiyozidi asilimia 6. Kori 10 za ziada zitafaa kama unatengeneza picha za majengo kwa prosesa kila siku. Kama huzitengenezi, fedha hizo zina kazi nzuri zaidi mahali pengine ndani ya kasha lile lile, hasa kwenye kadi ya grafiki na UPS.

Ningechagua 9600X kwa ofisi ya Dar es Salaam kwa sababu nyingine pia, nayo ni joto. Imepangiwa wati 65, wakati Core i5-14600K inaruhusiwa kupanda hadi wati 181 inapokazana. Chumba chenye nyuzi 31 na feni iliyojaa vumbi hakiisamehi prosesa ya wati 181. Ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe, na mbio ulizozilipia zinapotea kimyakimya bila ujumbe wowote kwenye skrini. Kuligundua si kazi. Fungua Task Manager, upande wa Performance, tazama namba ya Speed unapoanza kazi, kisha itazame tena baada ya robo saa ya kazi nzito. Ikiwa ilianza kwenye 5 na sasa iko 3 na kitu, umenunua prosesa nzuri ukaiweka kwenye kasha lisilopumua.

Na kwa atakayenunua Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au cha 14, zikiwemo zilizotumika, aulize kwanza kama BIOS ya mazabodi imesasishwa. Prosesa hizo ziliwahi kupelekewa umeme mkali kuliko ilivyotakiwa na baadhi yake zikaharibika taratibu, programu zikawa zinafunga zenyewe bila sababu. Mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho yanayoingia kwa njia ya BIOS na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia uharibifu tu. Prosesa iliyokwisha kuumia hairudi kuwa nzima.

Tuje kwenye kadi ya grafiki, maana huko ndiko fedha nyingi hupotelea, na neno cheti huuzwa bila kuelezwa.

Chukua kadi mbili za NVIDIA. Ya kwanza ni GeForce RTX 4060, kadi ya michezo ya mwaka 2023, iliyotangazwa kwa dola 299. Ya pili ni RTX 2000 Ada, kadi ya wataalamu ya mwaka 2024, iliyotangazwa kwa dola 625. Ukizifungua utakuta chipu ni ya ubunifu mmoja, ile inayoitwa AD107. Tena ya michezo ina vitengo vya hesabu 3,072 na ya wataalamu ina 2,816, yaani ile ya bei nafuu ina nguvu kidogo zaidi. Sasa dola 326 za nyongeza zinalipia nini? Zinalipia kumbukumbu ya GB 16 badala ya 8, yenye uwezo wa kujisahihisha makosa. Zinalipia ulaji wa umeme wa wati 70 badala ya 115, kiasi kwamba kadi haihitaji waya wa ziada kutoka pawasaplai. Zaidi ya yote zinalipia draiva, pamoja na cheti.

Cheti ni matokeo ya jaribio. Mtengenezaji wa kadi na mwenye programu wameifungua programu kwenye kadi hiyo, wamepitisha majaribio yao, na wamekubaliana kwamba inachora sawasawa. Lakini jaribio hilo lilifanywa kwa toleo fulani la programu na kwa toleo fulani la draiva, na cheti kinahusu vitu hivyo vitatu kwa pamoja. Ukibadilisha kimoja, huna cheti tena, una matumaini. Kwenye tovuti ya SolidWorks unachagua toleo lako na modeli ya kadi, nayo inakupa faili la draiva la kupakua. Mara nyingi draiva hilo si jipya kuliko yote. Mtu anayelisasisha kila mwezi kwa nia njema, au anayeiachia Windows ilisasishe, anajivua cheti alichokinunua.

Kwa sababu hiyo ile Quadro K4200 iliyomo ndani ya Z640 haimsaidii mnunuzi wa leo. Ni kadi ya mwaka 2014. Ilikuwa na vyeti kweli, kwa programu za miaka hiyo. Kizazi chake cha chipu kiliachwa kwenye draiva za kundi la 470, na kadi isiyopata draiva mpya haiwezi kupata cheti cha programu mpya. Jina Quadro lenyewe NVIDIA waliliacha kuanzia mwaka 2020. Mkongwe huyu ana matatizo mengine pia: Xeon za kizazi hicho hazimo kwenye orodha ya prosesa ambazo Windows 11 inazikubali rasmi, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025.

Je, unahitaji cheti? Jibu linategemea programu inayokulisha.

Revit na AutoCAD huzungumza na kadi kupitia DirectX, njia ile ile inayotumiwa na michezo ya Windows. Kadi za michezo zimetengenezwa kwa ajili ya njia hiyo, na GeForce ya kawaida huchora modeli ya Revit bila tatizo. Cheti hapo ni kinga, na faida yake huonekana siku unapopiga simu kuomba msaada ukaulizwa una kadi gani. SolidWorks ina hadithi tofauti. Imejengwa juu ya OpenGL, na draiva za kadi za wataalamu zimepewa kwenye njia hiyo uwezo ambao draiva za michezo zimenyimwa. RealView, ule mwonekano wa chuma kinachong'aa na vivuli vyake, hauwashiki kwenye kadi ambayo programu haiitambui. Kitufe kinabaki cha kijivu. Wapo wanaohariri rejista ya Windows ili kukidanganya, na kwa muda hufanikiwa.

Ubaya wa draiva lisilofaa haujulikani kwa kasi, unajulikana kwa michoro. Mistari ambayo ilipaswa kujificha nyuma ya kipande inaonekana. Unabofya ukingo mmoja, unawaka mwingine. Ukikata kipande ili uone ndani, sehemu ya uso inakuwa tupu. Kwa fundi anayetuma vipimo kwenye mashine ya kuchonga chuma, kubofya ukingo usio wake ni hasara ya mali. SolidWorks ina njia nyepesi ya kumtambua mkosaji. Funga mafaili yote, nenda kwenye Options, kisha Performance, weka alama kwenye `Use software OpenGL`, halafu fungua tena. Sasa kadi imewekwa kando na prosesa ndiyo inayochora, polepole. Kama makosa yametoweka, mkosaji ni kadi au draiva lake. Kama yapo pale pale, tafuta kwenye faili. Kwa AutoCAD, amri `GRAPHICSCONFIG` inakufungulia dirisha linalotaja kadi, toleo la draiva, na sehemu ya kuzima msaada wa kadi kwa jaribio kama hilo.

Kuna kosa moja ambalo kadi husingiziwa sana ukanda huu, na kadi ya bei yoyote haiwezi kuliponya. Mpima ardhi anamletea msanifu mchoro wa kiwanja wenye majira halisi ya ramani. Dar es Salaam iko katika kanda ya 37 Kusini, na huko namba ya kaskazini huwa karibu 9,248,000. Msanifu anachora nyumba yake juu ya mchoro ule ule. Mistari inaanza kutetemeka anapokuza, duara linakuwa na pembe, nukta zinarukaruka. Anaambiwa anunue kadi kubwa. Kumbe AutoCAD huhifadhi namba kwa usahihi mkubwa, lakini zikifika kwenye kadi hupunguzwa hadi namba za biti 32, ambazo zina takribani tarakimu saba tu za uhakika. Kwenye namba ya milioni 9, hatua ndogo kabisa ambayo namba ya biti 32 inaweza kuionyesha ni 1 nzima, na kama mchoro uko kwenye meta, hiyo ni meta moja. Programu hujitahidi kulificha hilo, wala haifanikiwi kila mara. Revit imeweka mpaka kabisa: inataka kila kitu kiwe ndani ya kilomita 16 kutoka kwenye kitovu chake cha ndani. Dawa ni kusogeza mchoro karibu na sifuri na kuhifadhi majira halisi kama rejea, kazi ya dakika kumi isiyogharimu hata senti.

Sasa tuchukue ofisi ya wasanifu watatu pale Mwenge. Wanatumia Revit kila siku, AutoCAD kwa ajili ya michoro ya wahandisi, na Enscape ili mteja atembezwe ndani ya nyumba ambayo haijajengwa. Modeli ya jengo lao kubwa ni MB 180. Imeunganishwa na ya mhandisi wa nguzo, MB 90, na ya mabomba na umeme, MB 60. Jumla MB 330. Kanuni inayotumiwa na watu wa Revit kwa miaka mingi ni kwamba modeli ikifunguliwa hula RAM mara 20 ya ukubwa wake kwenye diski. Hapo tunapata kama GB 6.6. Ongeza Windows, AutoCAD, Enscape na kivinjari chenye kurasa nyingi kuliko inavyostahili, na bado GB 32 inatosha na kubaki. Zile GB 64 za Z640 nusu yake ingelala. Jambo la kusimamia ni kwamba GB 32 hizo ziwe vipande viwili vya 16, maana kimoja cha 32 huifanya prosesa ivute data kupitia njia moja badala ya mbili.

Kadi yao ni GeForce RTX 4060 au inayolingana nayo, wakiiwekea lile draiva ambalo NVIDIA hulitoa kwa watu wa ubunifu, linaloitwa Studio. Enscape inataka nguvu na kumbukumbu ya kadi, wala haijali cheti. Wakianza kuchora mitaa mizima yenye miti na magari, GB 8 zitajaa, na kujaa huko kutaonekana Enscape itakapofunga au kukataa kuonyesha. Hapo wapande kwenye kadi ya GB 12 au 16 ya familia hiyo hiyo ya michezo.

Jirani yao ana karakana ya kutengeneza mashine za kusaga na kukoboa, na anachora kwa SolidWorks. Huyu prosesa yake iwe ile ile, RAM ile ile, lakini kadi iwe RTX 2000 Ada au, kama mfuko haufiki, RTX A2000 ya mwaka 2021 iliyotumika, baada ya kuthibitisha kwenye tovuti kwamba ina cheti kwa toleo lake. Kadi hizi mbili ni fupi na hazihitaji waya wa ziada wa umeme, hivyo huingia hata kwenye kasha dogo la ofisi ambalo kadi ya michezo isingeenea. Kwa anayeanza na kompyuta ya ofisi iliyotumika, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuifikiria.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na flashi yenye CPU-Z. Ni programu ndogo, ya bure, inayofunguka bila kusakinishwa. Ukurasa wa kwanza unakutajia prosesa halisi iliyomo, maana stika iliyobandikwa kwenye kasha si ushahidi. Ukurasa wa Memory unaonyesha njia za RAM: kwa RAM ya DDR5, ukiona `2 x 32-bit` ujue kimewekwa kipande kimoja, na ukiona `4 x 32-bit` ujue viko viwili. Ukurasa wa Bench una kitufe cha kupima, na matokeo huja mistari miwili. Muuzaji atakuonyesha wa chini, wa kori zote. Wewe soma wa juu, ulioandikwa `CPU Single Thread`, kisha chagua kwenye orodha ya Reference prosesa unayoijua na ulinganishe. Kama duka lina programu unayoitumia, ni afadhali zaidi uende na modeli yako mwenyewe: ifungue, badilisha kimo cha ghorofa moja, na pima kwa saa ya simu.

Na kama tayari una kompyuta na hujui ikuchoshayo ni prosesa au kadi, izungushe modeli kwenye mwonekano wa 3D wenye rangi na vivuli, kisha ubadilishe uwe wa mistari mitupu na uizungushe tena. Ikilainika, kadi ndiyo iliyolemewa. Isipobadilika, na Task Manager ikionyesha kadi inatumika asilimia 10 au 15, kadi inasubiri kuletewa kazi na prosesa. Kununua kadi mpya hapo hakutabadilisha chochote. Kama kila kitu ni kizito na mstari wa RAM umegota juu, ongeza RAM, ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote.

Aliyekwisha kununua ile Z640 hana haja ya kuitupa. V-Ray na Corona zinapotengeneza picha kwa prosesa, kila kori hushika kipande chake cha picha bila kumsubiri mwenzake, na hapo kori 28 zinakuwa na maana iliyotangazwa dukani. Iwekwe kona ya ofisi bila skrini, iunganishwe kwenye mtandao wa ndani, na itumiwe kazi za picha saa za jioni wachoraji wakishaondoka. Kitu cha kuangalia ni LUKU: kila Xeon imepangiwa wati 120, ziko mbili, na usiku kucha zitakuwa zimekaza zote.